Sebule Moja ya Migosi, Picha Tatu na Ubao wa Rangi

Mwalimu alinifungulia mlango akiwa na simu mkononi. "Fundi, leo sina maneno mengi. Nataka hivi."

Picha ilikuwa nzuri, sikatai. Kuta zilikuwa za kijani kilichofifia, kile cha upande wa chini wa jani la mpera. Kulikuwa na kochi la umbo la L lenye rangi ya maziwa, viti viwili vya kuegemea karibu na dirisha, zulia, na taa ya kuning'inia. Akaniambia hiyo ni sebule yake hiyo hiyo tuliyosimama ndani: mwanawe aliipiga picha, akaitia kwenye programu ya akili mnemba, akaandika wanachotaka, na baada ya dakika moja ikatoka hivyo.

Nikaitazama picha, nikaitazama sebule. "Mwalimu, mlango wa jikoni umeenda wapi?"

Akachukua simu akaikuza kwa vidole. Mahali pa mlango palikuwa na rafu ya vitabu.

Tukacheka, lakini ndipo kazi ilipoanzia. Ninapaka rangi nyumba Kisumu na viunga vyake, na siku hizi wateja wengi wananipokea kwa picha badala ya kadi ya rangi. Siwalaumu, kwa sababu picha inasema haraka kile ambacho maneno hayawezi. Shida ni kwamba kuna zaidi ya njia moja ya kuitengeneza, kila moja inajua jambo lake na inadanganya kwa namna yake. Nitazilinganisha kwa sebule hiyo ya mtaa wa Migosi kwa sababu tulizijaribu zote hapo, kisha tukapaka, kwa hiyo najua ipi ilikaribia ukweli na ipi ilikuwa hadithi.

Chumba chenyewe kina futi 12 kwa 11, na dari liko futi 9 juu. Ukuta mrefu wa nyuma unatazamana na ukuta wenye dirisha, na dirisha linatazama magharibi, upande wa ziwa. Mlango wa kuingilia uko kwenye ukuta mfupi mmoja, futi moja tu kutoka kona ya ukuta wa nyuma, na unafungukia ndani. Mlango wa jikoni uko kwenye ukuta mfupi wa pili, karibu na upande wa dirisha. Kuta zilikuwa rangi ya krimu ya mwenye nyumba, na chini mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia unaofika kiunoni, kama nyumba nyingi za kupanga. Sakafu ni vigae vya futi moja kwa futi moja. Vigae hivyo viweke akilini, vitatusaidia.

Kitu cha kwanza nilichomwomba ni tupige picha upya, maana ile ya kijana ilikuwa imeharibika kabla haijaingia kwenye programu yoyote. Alisimama mlangoni akatumia lenzi pana, ile ya 0.5x kwenye simu. Lenzi hiyo inavuta pembe za picha na kukifanya chumba cha futi 12 kionekane kama ukumbi wa kanisa. Programu haijui kwamba lenzi imevuta. Inaamini kuna nafasi, na inaijaza viti.

Tulipiga saa nne asubuhi, mapazia wazi, balbu zimezimwa, jua halijafika dirishani. Nilijibanza kwenye kona, simu wima kifuani, lenzi ya kawaida ya 1x. Chumba chote hakikuingia kwenye picha moja, kwa hiyo nilipiga mbili, kila moja kutoka kona yake. Kabla ya kupiga tulibandika karatasi nyeupe ya A4 kwenye ukuta wa nyuma. Mwalimu alidhani ni mambo ya ofisi, lakini karatasi hiyo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni weupe. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe, na ikiona ukuta wa krimu umejaa kwenye picha inaweza kudhani mwanga ndio wa njano, ikauvuta ukuta uelekee kijivu. Karatasi ikitoka nyeupe kwenye picha, ukuta nao haujaenda mbali. Ikitoka ya samawati au ya njano, piga tena. Kazi ya pili ni kipimo, kwa sababu A4 ina sentimita 29.7 kwa 21 popote duniani, na picha moja peke yake haijui ukubwa wa kitu chochote. Chumba kikubwa chenye kochi kubwa na chumba kidogo chenye kochi dogo vinaweza kutoa picha ile ile.

Sasa tulinganishe. Njia ya kwanza ni hiyo ya kijana, programu ya akili mnemba unayoipa picha na maelezo. Sifa yake ni kasi. Kwa muda wa kunywa chai mwalimu aliona sebule yake ya kijani, ya udongo mwekundu na ya samawati ya bahari, kila moja ikiwa na mapazia yanayoendana nayo. Kama hujui unataka nini, hakuna njia nyingine inayokaribia hiyo. Udongo mwekundu aliokuwa akiutaka tangu mwaka jana aliufuta pale pale alipouona kuta nne zote, na kujua usichotaka kabla ya kununua kopo si jambo dogo.

Lakini elewa inachofanya. Haipaki ukuta wako. Inachora picha mpya inayofanana na yako, kila sehemu, hata zile ambazo hukusema ziguswe. Ndiyo maana mlango ulipotea. Tuliirudia na picha yetu mpya, tukaandika kwa ukali kwamba ibadilishe rangi ya kuta na kuweka kochi, basi, na isiguse mlango, dirisha, dari wala sakafu. Matokeo yalikuwa bora zaidi, milango yote miwili ilibaki. Hata hivyo grili ya dirisha, ambayo ina nondo saba za wima, ilirudi na tano, na soketi ya ukuta wa nyuma ikafutika.

Kwa hiyo namna ya kuikagua ni kuhesabu. Usiangalie uzuri, hesabu vitu visivyohama: nondo za grili, soketi, milango, na zaidi ya yote vigae. Ukuta wa dirisha wa mwalimu una vigae 12 kutoka kona hadi kona. Kwenye ile picha ya kwanza nilihesabu tisa. Ina maana programu ilikuwa imechora vigae vikubwa kuliko vya kweli, au chumba kingine kabisa, na kipimo chochote utakachokitoa humo ni bure. Kwenye picha yetu ya pili vigae vilikuwa 12, basi nikaangalia kochi. Lilikuwa na urefu wa vigae nane, sawa, lakini kina chake kutoka mgongo hadi ukingo wa mbele hakikufika vigae viwili. Kochi la kweli la kina cha namna hiyo utalikalia kama benchi la kituo cha matatu. Kochi la kawaida la kuegemea linakula karibu futi tatu za sakafu. Programu ililipunguza upana ili chumba kipendeze, na usipohesabu huwezi kuona, kwa sababu kila kitu kinakaa sawa machoni.

Kuhusu rangi, kosa lake ni la aina nyingine. Ukiandika "kijani" inakuchagulia kijani kinachopendeza na mwanga iliouchora yenyewe, na mwanga huo mara nyingi ni wa asubuhi njema isiyo na wingu. Ukiichukua picha hiyo dukani wakusomee rangi kwa mashine, utapata rangi ya nukta moja kwenye skrini ya simu moja. Sehemu moja ya ukuta ule ule ilikuwa kijani cha mpera, hatua mbili pembeni ilikuwa karibu kijivu. Rangi haina jina wala namba. Ni wazo la rangi.

Njia ya pili ni ya polepole, na ndiyo ninayoitumia mwenyewe mteja akinivumilia nusu saa. Unafungua picha yako halisi kwenye programu ya kuhariri yenye tabaka, zinazolazwa juu ya picha kama karatasi za plastiki bila kuichora upya. Mimi hutumia Photopea kwa sababu inafunguka kwenye kivinjari bila kulipia, ingawa kwenye skrini ya simu inabana na kompyuta ni afadhali. Unazungushia ukuta kwa Polygonal Lasso ukifuata kona, fremu za milango na dirisha. Unafungua tabaka jipya, unalijaza rangi unayotaka kwa namba zake, kisha unabadilisha tabia ya tabaka iwe Multiply. Kivuli cha kona kinabaki kivuli, mwanga wa dirishani unabaki mwanga, na kila nondo ya grili iko pale ilipo kwa sababu hakuna kilichochorwa upya. Mlango wa jikoni hauendi popote.

Hapa kuna mtego ambao uliniaibisha miaka ya mwanzo, na unastahili kuelezwa taratibu. Multiply inazidisha rangi mpya kwa rangi iliyopo chini yake. Ukuta ukiwa mweupe, hupati shida. Ukuta wa mwalimu ulikuwa krimu. Nilipousoma kwenye picha, namba zake zilikuwa kama 240 za nyekundu, 225 za kijani na 190 za bluu, ambapo nyeupe kabisa ni 255 kwa kila moja. Kijani alichochagua kwenye kadi kina 140, 155 na 120. Zidisha kila namba na mwenzake ugawanye kwa 255, utapata 132, 137 na 89. Tazama ile ya mwisho: bluu imepungua kwa robo nzima. Kijani cha jani la mpera kimegeuka kijani cha matope, na mteja anakwambia rangi hiyo haimpendezi kumbe hajaiona. Rangi halisi haifanyi hivyo. Ikipakwa mikono miwili mizuri inaifunika krimu, haichanganyiki nayo.

Dawa ni kuuondolea ukuta rangi kabla ya kuweka tabaka. Ukiwa bado umeuzungushia ukuta, unaingia Hue/Saturation na kushusha Saturation hadi mwisho, ukuta unakuwa wa kijivu, kisha kwa Levels unainua mwanga mpaka sehemu inayong'aa zaidi ikaribie nyeupe. Ukiweka kijani juu ya hapo, kinatoka kama kilivyo kwenye kadi. Mkanda wa kahawia wa chini ulihitaji kuinuliwa peke yake, na hata hivyo ulibaki na giza kidogo. Huo ndio mpaka wa njia hii. Multiply haiwezi kung'arisha kitu, inatia giza tu. Kama kuta zako za sasa ni za maruni au samawati nzito na unataka kwenda kwenye rangi nyepesi, njia hii itakupotezea jioni, rudi kwenye ile ya kwanza.

Tena kuna jambo ambalo haiwezi kulijua hata ukiifanya kwa ufundi wote. Ukipaka kuta nne za kijani, mwanga unagonga ukuta huu ukaenda ule, na kila unapogonga unabeba kijani zaidi. Chumba kinazama. Dari jeupe nalo linapata ukungu wa kijani. Picha ya tabaka inapaka kila ukuta kama vile uko peke yake duniani, kwa hiyo kwa rangi nzito chumba halisi kitatoka kizito kuliko picha. Mimi humwambia mteja kama anasitasita kati ya rangi mbili za kadi moja, achukue ile nyepesi.

Ya tatu nitaipitia haraka. Kampuni za rangi zina programu za simu ambazo unaelekeza kamera ukutani, unagusa, na ukuta unabadilika hapo hapo. Watoto wanaipenda. Kwa mwalimu, rangi ilipanda juu ya pazia kwa sababu pazia lake lilikuwa karibu krimu kama ukuta, na alipotembea na simu kingo zilicheza kama maji. Thamani yake iko kwingine: rangi unayogusa ina jina na namba ya kampuni, kitu ambacho akili mnemba haikupi. Hakikisha tu kwamba namba hiyo inachanganywa kwenye duka la hapa kabla hujaipenda. Programu ya nchi nyingine inaweza kuwa na rangi ambazo mashine ya duka la Oginga Odinga Street haina kwenye orodha yake.

Kufikia hapo mwalimu alikuwa na kijani chenye namba, na akataka tununue. Nikamwomba siku mbili za ubao.

Ubao si picha, lakini ni lazima uingie kwenye ulinganisho, maana ndio unaomaliza ubishi ambao picha zote zinauanzisha. Tulinunua kopo dogo kuliko yote, nikapaka kipande cha plaiwudi cha futi mbili kwa mbili, mikono miwili, nikakipaka hadi ukingoni bila kuacha mpaka mweupe. Tukangoja hadi kesho yake, kwa kuwa rangi ya maji ikikauka kwa kawaida huiva zaidi ya ilivyokuwa mbichi. Kisha ubao ulitembea: ukuta wa nyuma, kona ya jikoni, pembeni mwa dirisha.

Na hapa Kisumu ina mambo yake. Ushauri mwingi wa rangi za ndani unatoka nchi za kaskazini, ambako chumba kinachotazama kaskazini hupata jua la moja kwa moja kwa nadra, wakaambiwa wakipe rangi za joto. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kusini yake kidogo sana. Jua linapita upande wa kaskazini nusu ya mwaka na upande wa kusini nusu nyingine, na mchana linasimama karibu na utosini. Kwetu swali si kaskazini au kusini, ni mashariki au magharibi. Dirisha la mwalimu linatazama machweo. Saa nne asubuhi, tulipopiga picha, ubao ulikuwa vile vile kama kwenye skrini, kijani tulivu. Saa kumi na moja jioni jua liliingia moja kwa moja likagonga ukuta wa nyuma, na ubao ukawa wa njano-njano, karibu na jani lililoanza kukauka. Usiku, chini ya balbu ya mwanga mweupe wa baridi, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, ukapoa ukaelekea kijivu cha wingu la mvua.

"Hizo ni rangi tatu, fundi," mwalimu akasema.

"Ni moja, mwalimu. Mwanga ndio wa namna tatu. Wewe unakuwa nyumbani saa ngapi?"

Yuko shuleni mchana kutwa. Anakiona chumba hicho jioni na usiku. Picha zetu zote, pamoja na ile yangu ya nusu saa, zilikuwa zimemwonyesha sebule ya saa nne asubuhi, saa ambayo yeye huiona Jumamosi na Jumapili peke yake. Hakuna hata moja kati ya zile njia ambayo ingemwambia hivyo. Unaweza kupiga picha ya pili saa kumi na mbili jioni na kuipaka pia, na mimi nashauri hivyo, lakini kamera itapigana nawe. Itaona umanjano wa machweo na kujaribu kuuondoa, ukabaki na picha safi isiyo ya kweli.

Upande wa viti, nimeshasema namna ya kukagua picha kwa vigae. Kupanga ndani ya chumba ni kazi ya tepu ya kupimia, magazeti ya zamani na ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Mwalimu alikuwa ameshaongea na fundi wa viti pale soko la Kibuye kuhusu kochi la L lenye futi 10 upande mmoja na futi 6 mwingine, kina futi tatu. Kwenye picha za akili mnemba lilienea. Tulitandaza magazeti sakafuni kwa vipimo hivyo, kuanzia kona ya mbali ya ukuta wa nyuma, futi 10 kuja upande wa mlango, na futi 6 kuelekea jikoni. Nikamwambia atoke nje aingie kama kawaida.

Ukuta una futi 12. Kochi likila 10 zinabaki mbili, na ubao wa mlango una futi tatu. Mlango ulifika karibu nusu ya safari yake ukawa juu ya magazeti. Mgeni mwembamba angeingia kwa ubavu. Gunia la mahindi la debe mbili lisingeingia. Picha haikuonya kwa sababu kwenye picha mlango umefungwa, na hakuna anayeufungua.

Tukakunja magazeti hadi futi 8. Zikabaki futi nne, mlango ukafunguka wote na futi moja ikasalia. Mkono wa futi 6 uliacha futi moja kabla ya fremu ya mlango wa jikoni, inatosha. Kutoka ukuta wa nyuma hadi wa dirisha kuna futi 11: toa tatu za kochi, toa futi moja na inchi nne za meza ya runinga, toa futi mbili za meza ya kahawa na futi moja na nusu ya miguu kati yake na kochi. Zinabaki futi tatu na inchi mbili za kupita mbele ya runinga. Vile viti viwili vya kuegemea vya kwenye picha vilikosa mahali, na hapo hakuna la kujadili. Uzuri wa Kibuye ni kwamba kochi bado lilikuwa mbao, na kulipunguza futi mbili ilikuwa simu moja. Ungekuwa umelinunua dukani likiwa tayari, ungejifunza somo hilo barazani, wabebaji wakikungoja. Na ukiagiza, uliza litakuja vipande vingapi, kisha upime nafasi ya fremu ya mlango, siyo mlango.

Kuna lingine ambalo picha inaficha, nalo linagusa mfuko. Programu ya akili mnemba inalainisha ukuta. Doa la unyevu lililokuwa chini ya dirisha la mwalimu lilitoweka, na ule mkanda wa mafuta ukageuka kijani safi. Kwenye ukuta wa kweli, rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Lazima nipige msasa mpaka mng'aro ufe, niweke andakoti, ndipo nipake. Hiyo ni siku nzima ya kazi ambayo mteja haioni kwenye picha, na mara nyingi ndipo tunapokosana juu ya bei. Doa la unyevu nalo lilitaka kutafutwa chanzo kwanza, maana lingetokeza tena juu ya rangi mpya.

Kwa hiyo unachagua kulingana na swali ulilonalo. Kama bado hujui kama unataka kijani au udongo, au mume yuko kazini Nakuru na anataka kuona kabla hajatuma pesa, akili mnemba inatosha, mradi umwambie ni mchoro. Baba watoto wa mwalimu alikubali kwa picha ile ile yenye rafu ya vitabu, na mpaka leo anaiulizia. Kama rangi mbili au tatu zimebaki na kuta zako ni nyepesi, tumia tabaka juu ya picha halisi, au mpe fundi au kijana anayejua. Kama umechoka kueleza rangi kwa maneno dukani, programu ya kampuni itakupa namba. Lakini usinunue lita nyingi kabla ya ubao, na usitoe malipo ya kwanza ya kochi kabla ya magazeti. Kama umepanga nyumba na mwenye nyumba hataki ubadilishe kuta, ruka yote hayo. Tandaza magazeti tu.

Mwalimu mwishowe alikiweka kijani kwenye ukuta wa nyuma peke yake, hatua moja nyepesi kuliko ile ya picha, na kuta nyingine nyeupe yenye joto kidogo. Kijani kilitaka lita mbili: ukuta wa futi 12 kwa 9 ni karibu mita 10 za mraba, na mimi huhesabu lita moja kwa mita 10 kwa mkono mmoja. Kuta tatu zilizobaki, ukitoa milango na dirisha, zina kama mita 23 za mraba, mikono miwili ikala lita nne na nusu hivi. Balbu ya 6500K tuliitoa tukaweka ya 3000K, yenye mwanga wa njano, na hiyo ndiyo ilikuwa gharama ndogo kuliko zote.

Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya sebule iliyokamilika, ameipiga usiku. Nikaiweka kando ya zile za mwanzo. Ile ya tabaka ilikaribia zaidi kwa umbo na kivuli, ingawa ukuta wa kweli una umanjano ambao picha haikuwa nao. Ile ya akili mnemba ilifanana kwa mapazia tu, kwa sababu aliyanunua kwa kuifuata. Nikamwuliza kama kijani kimetulia machoni. Akajibu kwamba saa kumi na moja jioni bado kinageuka jani kavu, lakini saa hiyo yeye hufunga pazia, jua linamwingia machoni.